Barua ya ofa kabla ya mkataba wa pango: kipi kinakufunga na kipi ni nia tu

Mabibi na mabwana, wafanyabiashara na mawakala wa majengo mliofika, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie ile karatasi ya kurasa mbili au tatu ambayo hutiwa saini kabla ya mkataba wenyewe wa pango. Hapa Kenya wengi wetu huiita barua ya ofa. Wengine huiita barua ya nia, na wengine masharti makuu. Wakala huiandika, mwenye jengo huisaini, mpangaji huirudisha ikiwa na saini yake pamoja na hundi, kisha watu hupeana mikono. Kuanzia siku hiyo mpangaji huamini kwamba duka ni lake. Mwenye jengo naye huamini kwamba bado yuko huru kubadili mawazo hadi mkataba rasmi uletwe. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, tena katika barua hiyo hiyo moja.

Nianze na jina la barua, kwa sababu ndipo watu wengi hujikwaa. Kichwa cha habari hakiamui kitu. Barua iliyoandikwa juu kabisa "barua ya nia" inaweza kumfunga mtu miaka sita, na iliyoandikwa "ofa" inaweza isimfunge mtu hata siku moja. Mahakama inapoisoma hutazama mambo matatu. La kwanza ni kama maneno ya barua yanaonyesha kwamba wahusika walitaka kufungwa sasa, au walitaka kusubiri mkataba rasmi. La pili ni kama masharti ya msingi yametimia: wahusika ni nani, sehemu gani ya jengo, muda gani, unaanza lini, na kodi ni kiasi gani. La tatu ni kile mlichokifanya baada ya kusaini, hasa kama ufunguo ulitoka mkononi mwa mwenye jengo na kodi ikaanza kulipwa. Hilo la tatu ndilo linaloleta kesi nyingi, na nitalikalia zaidi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwenye duka la dawa anataka nafasi ya futi za mraba 1,200 kwenye ghorofa ya chini ya jengo jipya Nyali. Wanakubaliana shilingi 100 kwa futi, yaani 120,000 kwa mwezi, na ada ya huduma za jengo shilingi 24,000. Kodi itapanda asilimia 7.5 kila mwaka. Muda ni miaka sita kuanzia tarehe 1 Aprili. Amana ni kodi ya miezi mitatu, 360,000. Mpangaji anapewa miezi miwili, Februari na Machi, aingie atengeneze dari, umeme, vigae na kaunta bila kulipa kodi. Barua inasema ofa itakufa baada ya siku 14 isipokubaliwa, na kwamba mkataba rasmi "utaandaliwa na mawakili wa mwenye jengo". Haya ni mambo ya kawaida kabisa, nanyi mmeyaona.

Katika barua hiyo, yale yahusuyo duka lenyewe, yaani kodi, ongezeko, muda, matumizi na matengenezo, kwa kawaida ni nia. Ni maelekezo kwa wakili atakayeandika mkataba. Yanabaki hivyo ikiwa barua imesema wazi kwamba hakuna anayefungwa mpaka mkataba rasmi utiwe saini na pande zote. Sentensi hiyo ndiyo ukuta. Ikiwepo, na ninyi mkaiheshimu kwa vitendo, upande wowote unaweza kujitoa bila kudaiwa fidia ya pango lililopotea. Isipokuwepo, au barua ikasema kinyume chake, kwamba ikishakubaliwa itakuwa makubaliano kamili hadi mkataba utakapotayarishwa, basi mmeshaingia kwenye ahadi ya kupangisha. Tangu kesi ya Walsh na Lonsdale ya mwaka 1882 kule Uingereza, mahakama zenye asili ya sheria ile zimekuwa tayari kuitazama ahadi ya kupangisha inayotekelezeka kana kwamba pango lenyewe limeshatolewa baina ya wawili hao. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inaingiza kanuni za Kiingereza za mikataba humu nchini, kwa hiyo kesi za aina hiyo si hadithi za mbali kwetu.

Lakini hapo kuna mlango wa pili wa kupita, na wapangaji wengi hukwama hapo. Kifungu cha 3(3) cha Sura hiyo ya 23, kwa sura iliyochukua tangu Juni 2003, kinasema huwezi kushtaki kwa mkataba wa kutoa haki katika ardhi isipokuwa uwe umeandikwa, umesainiwa na pande zote, na kila saini imeshuhudiwa na shahidi aliyekuwepo wakati wa kusaini. Pango ni haki katika ardhi. Sasa tazameni barua za ofa mlizo nazo kwenye mafaili. Nyingi zina saini mbili tu, na hakuna shahidi. Mpangaji ana barua inayosema "hii inatufunga", lakini akienda mahakamani kudai apewe pango la miaka sita, swali la kwanza analoulizwa ni: shahidi wa saini ya mwenye jengo yuko wapi? Kama mnataka barua ifunge, wekeni chini ya kila saini nafasi ya shahidi: jina, namba ya kitambulisho, anwani, saini yake. Na anayesaini kwa niaba ya kampuni awe na mamlaka ya kusaini. Wakala kuandika jina lake kwenye barua hakumfungi mwenye jengo kama hakupewa idhini hiyo.

Kuna vifungu vingine ndani ya barua hiyo hiyo ambavyo havitoi haki katika duka, navyo vinaweza kufunga tangu siku ya saini hata kama mengine yote ni nia. Hivi ni vya usiri, gharama, fedha ya kushikia nafasi, na ahadi ya mwenye jengo kutoongea na mtu mwingine kwa muda fulani. Kosa la kawaida ni kuvichanganya na kodi na muda katika orodha moja, halafu juu kuna sentensi ya "hakuna kinachofunga". Sentensi ile inavila vyote. Vitengeni. Wekeni sehemu ya kwanza yenye nia, kisha sehemu ya pili inayoanza kwa maneno kama haya: "Vifungu vya sehemu hii vinafunga pande zote mbili tangu tarehe ya saini, hata kama mkataba wa pango hautasainiwa kamwe."

Ahadi ya kutoongea na mwingine inahitaji uangalifu wake. Mwaka 1992, katika kesi ya Walford na Miles, Baraza la Malabwana la Uingereza lilisema kwamba ahadi ya kujadiliana kwa nia njema haitekelezeki, kwa sababu hakuna namna ya kupima kama mtu ameacha mazungumzo kwa sababu halali au la. Ahadi ya kufunga mlango kwa wengine, nayo, inaweza kutekelezwa, lakini iwe na mwisho unaojulikana na iwe imelipiwa kitu. Kwa hiyo kuandika "mwenye jengo atajadiliana na mpangaji huyu tu kwa nia njema" ni kupoteza wino. Andikeni: kuanzia tarehe ya saini hadi saa kumi na moja jioni ya tarehe 28 Februari, mwenye jengo wala wakala wake hatatangaza, hataonyesha wala hatapangisha nafasi hii kwa mtu mwingine, kwa sababu mpangaji amelipa shilingi 50,000 za kushikia nafasi. Tarehe ipo, malipo yapo. Akivunja, mpangaji anaweza kudai gharama alizopoteza. Hawezi kudai duka lenyewe. Hilo lieleweke mapema ili asitegemee zaidi ya alichonunua.

Fedha nazo. Barua ikisema tu "amana 360,000 italipwa wakati wa kukubali", na mazungumzo yakavunjika, kutatokea ugomvi. Mwenye jengo atasema ilikuwa ya kushikia nafasi, sasa imeliwa. Mpangaji atasema ilikuwa amana ya pango ambalo halikupatikana. Kama pango halikuzaliwa, mpangaji ana hoja nzuri ya kurudishiwa, maana alilipia kitu ambacho hakikutokea. Lakini hoja nzuri bado ni kesi, na kesi ni miezi. Semeni fedha ni ya nini, anaishika nani, na inarudi lini. Mimi hupendelea iwe mikononi mwa wakili kwa ahadi yake ya maandishi, irudi yote ndani ya siku saba kama mwenye jengo ndiye aliyejitoa, na ikatwe gharama zilizotajwa kwa kiwango cha juu kinachojulikana kama aliyejitoa ni mpangaji. Kiwango hicho kiandikwe kwa tarakimu. Neno "gharama zote" bila kikomo ni hundi tupu.

Sasa nirudi kwenye ufunguo.

Katika mfano wetu, barua ilisainiwa Januari. Tarehe 1 Februari mpangaji akapewa ufunguo aanze kazi. Akatumia milioni mbili na nusu kwa dari, umeme, rafu na jokofu za dawa. Aprili 1 akafungua duka na kulipa kodi. Rasimu ya mkataba ikafika Mei. Ndani yake kuna kifungu ambacho hakikuwemo kwenye barua: mwenye jengo anaweza kuvunja pango wakati wowote kwa taarifa ya miezi sita akitaka kujenga upya. Mpangaji anakataa. Mawakili wanaandikiana. Desemba inafika, mkataba haujasainiwa, na kodi inaendelea kulipwa kila mwezi. Yupo dukani kwa haki gani?

Ikiwa barua ilifunga na ina mashahidi, anaweza kusema ana ahadi ya pango la miaka sita isiyo na kifungu cha kuvunja, na mwenye jengo hawezi kuongeza sharti zito kama hilo baada ya kukubaliana. Ikiwa barua ilikuwa nia tu, hana pango la miaka sita. Lakini hiyo haina maana kwamba hana kitu. Anakaa peke yake, analipa kodi, na kodi inapokelewa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inautambua upangaji wa vipindi, na kipindi hufuata namna kodi inavyolipwa, hapa mwezi hadi mwezi. Na kwa kuwa hili ni duka, Sura ya 301, ile sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, inaingia. Sheria hiyo inaulinda upangaji usioandikwa, pia ulioandikwa ambao muda wake hauzidi miaka mitano, na hata wenye muda mrefu zaidi ikiwa unaruhusu kuvunjwa ndani ya miaka mitano ya mwanzo kwa sababu isiyo uvunjaji wa masharti. Duka kwa maana ya sheria hiyo linahusisha pia mahali panapotolewa huduma kwa malipo.

Tazameni kilichompata mwenye jengo. Aliandika miaka sita makusudi ili atoke nje ya sheria hiyo, kama wengi wanavyoandika miaka mitano na miezi mitatu. Kwa kutoa ufunguo kabla ya mkataba amejikuta na mpangaji mwenye hoja ya nguvu kwamba upangaji wake haujaandikwa na kwa hiyo umelindwa. Kuanzia hapo, kumtoa au kupandisha kodi kunahitaji taarifa ya fomu maalum ya angalau miezi miwili, yenye sababu zinazotambuliwa na sheria, na mpangaji anaweza kuipeleka mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Lile ongezeko la asilimia 7.5 lililokuwa nia kwenye barua sasa haliji lenyewe. Mwaka wa pili kodi ilikuwa iwe 129,000. Mpangaji anaendelea kuleta 120,000.

Na liko jambo ambalo hata mawakili hulipita haraka. Hata kama mpangaji angesaini rasimu ile, kifungu cha kuvunja kwa ajili ya ujenzi kingelifanya pango lile la miaka sita liwe na njia ya kuvunjwa ndani ya miaka mitano, na lingerudi chini ya Sura ya 301. Mwenye jengo angekuwa ameuondoa ukuta wake kwa mkono wake mwenyewe. Kama anataka haki ya kujenga upya, aitaje kwenye barua ya ofa tangu mwanzo, na aiweke ianze baada ya mwaka wa tano kupita. Mpangaji akiisoma mapema ataamua kama atatumia milioni mbili na nusu au atatumia laki nane.

Wengine hudhani tiba ni kumpa mpangaji "kibali cha kuingia" badala ya pango. Kibali kinaweza kusaidia kwa kazi za ndani tu, kikiwa kifupi na cha kweli: aingie tarehe 1 Februari, atoke tarehe 31 Machi kama mkataba haujasainiwa, asifanye biashara, asilipe kodi ila umeme na maji, awe na bima ya kazi, na mwenye jengo abaki na ufunguo wake na aingie kukagua. Lakini msitegemee neno kibali peke yake. Mwaka 1985, katika kesi ya Street na Mountford, Baraza la Malabwana lilisema kwamba anayekaa peke yake, kwa muda, kwa kodi, ni mpangaji, hata karatasi yake iitwe jina gani. Siku mpangaji anapofungua duka na kulipa kodi chini ya "kibali", kibali kimekufa. Kwa hiyo sharti la maana zaidi katika barua yote ni hili: hakuna kufungua biashara wala kupokea kodi kabla ya mkataba kusainiwa na pande zote. Mwenye jengo akipokea kodi ya Aprili, amelifuta yeye mwenyewe.

Nimesema zaidi juu ya ufunguo, niyapitie mengine mawili kwa kifupi kwa kuwa yanarudi kila mara.

Kodi yenyewe iandikwe kama ni pamoja na kodi ya ongezeko la thamani au bila hiyo. Kwa pango la biashara ni asilimia 16. Kwa shilingi 120,000, tofauti ni 19,200 kila mwezi, na kwa miezi 72, bila kuhesabu ongezeko lolote, ni zaidi ya milioni 1.38. Ikisomwa na ada ya huduma za jengo, malipo ya mwezi katika mfano wetu ni 167,040. Mpangaji mwenye 120,000 kichwani hajafanya hesabu ya duka hilo. Aongeze pia ushuru wa stempu, ambao kwa pango la zaidi ya miaka mitatu ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka, na aulize nani analipa wakili wa mwenye jengo, kwa sababu desturi hapa humtwisha mpangaji.

La pili ni haki ya kuongeza muda. Maneno "mpangaji atapewa miaka mingine sita kwa kodi itakayokubaliwa" hayana nguvu hata yakiingia kwenye mkataba rasmi, maana makubaliano ya kukubaliana baadaye si makubaliano. Barua itaje njia ya kuipata kodi hiyo: bei ya soko siku hiyo, ikiamuliwa na mthamini aliyesajiliwa ambaye pande zote zimemteua, na zikishindwa kumteua, itajwe taasisi itakayomteua. Itaje pia mpangaji atatoa taarifa miezi mingapi kabla, na kwamba asiwe na deni siku hiyo. Wakili akipata hayo kwenye barua, ataandika kifungu kinachofanya kazi. Akipata "itakayokubaliwa", atainakili kama ilivyo.

Kabla ya yote, mpangaji afanye sachi ya hati ya ardhi kabla ya kusaini barua, asingoje mkataba. Akikuta benki imeweka rehani kwenye kiwanja, barua iseme kwamba idhini ya maandishi ya benki itapatikana kwa gharama ya mwenye jengo kabla ya tarehe fulani, na isipopatikana fedha yote irudi na kila mtu aende zake. Hiki nacho kiwekwe kwenye ile sehemu ya vifungu vinavyofunga. Kikibaki upande wa nia, mpangaji anaweza kukaa dukani kwa miaka miwili kisha akapokea barua ya benki inayouza jengo, na benki ikamwambia kwamba haikuwahi kumjua. Kama mna barua mezani hivi sasa, zipelekeni kwa wakili kabla ya kusaini, pamoja na nakala ya sachi, na muulizeni maswali mawili: ni vifungu vipi hapa vitanifunga kesho asubuhi, na nikipewa ufunguo kabla ya mkataba nitakuwa nani kwa sheria.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo hapa kwa maswali.